Kuchoka na Mikutano ya Kujuana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojitegemea Kampala

Maswali haya huulizwa na watu ambao kazi zao huja kupitia watu wengine: mawakala wa forodha, wahasibu, wakalimani, wakandarasi wadogo, wenye maduka ya jumla. Kwa kuwa riziki inapita kwa watu, wao huenda kila penye watu: klabu ya Rotari, chama cha taaluma, kamati ya harusi, nigiina ya wanawake kupeana zawadi, umoja wa waliosoma pamoja, na makundi ya WhatsApp yasiyolala. Majibu mengi hapa yanamfuata mtu mmoja, mama mwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha maeneo ya Nakawa, anayeishi Kireka. Mfano wake umeunganishwa kutoka kwa watu kadhaa ili asitambulike yeyote.

Nitajuaje kwamba kinachonichosha ni mikutano na si kazi yenyewe?

Angalia unavyopokea habari kwamba mkutano umeahirishwa. Ikiwa mvua imeanza kunyesha saa kumi na moja jioni, mwenyekiti akaandika kwamba tukutane wiki ijayo, nawe ukashusha pumzi kama uliyesamehewa deni, hapo pana jambo. Kazi ikikuchosha, hufurahii hivyo mteja anapoahirisha. Hupata wasiwasi wa pesa.

Dalili ya pili ipo mkobani au kwenye simu. Hesabu kadi na namba ulizochukua miezi miwili iliyopita ambazo hujawahi kuzipigia. Mtu mwenye nguvu hukutana na watu watatu na kuwatafuta wawili. Aliyechoka hukutana na ishirini na hamtafuti yeyote, kisha wiki inayofuata anatoka tena kwenda kukutana na wengine ishirini. Anatoka ili aonekane ametoka.

Ya tatu huijua zaidi wafanyakazi wako kuliko wewe: unakuwa mkali asubuhi ya siku fulani tu. Linganisha na kalenda, uone kama si asubuhi zinazofuata mikutano ya usiku.

Kwani kinachochosha hasa ni nini, kuongea na watu?

Kuongea ni sehemu ndogo. Tuufuate usiku mmoja wa yule mama wa forodha. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, Munyonyo. Anafunga ofisi saa kumi na moja, kabla kazi ya siku haijakwisha, ili apite Kabalagala na Kansanga kabla barabara ya Ggaba haijajaa kabisa. Anafika saa kumi na mbili na nusu, anakuta wahudumu wanapanga viti. Shughuli inaanza saa mbili. Hotuba zinakwenda hadi saa tatu na robo, na mazungumzo yenyewe, yale yaliyomtoa ofisini, yanachukua dakika arobaini hivi. Anafika Kireka baada ya saa tano, watoto wamelala, na tangazo la forodha aliloliacha nusu linamsubiri kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, kesho yake.

Kwa hiyo dakika arobaini za watu zimegharimu saa sita za siku, na kazi iliyokatishwa katikati. Ukimwambia ajifunze kuongea vizuri zaidi na wageni hujamsaidia chochote. Kinachomchosha ni barabara, kusubiri, na kesho iliyoharibika. Ndiyo maana ushauri wote unaofuata unaanzia kwenye saa na mahali kabla ya kufika kwenye tabia.

Mimi ni mchangamfu, napenda watu. Hayo ni ya wapole, sivyo?

Sivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi 48, ambao walieleza mara kadhaa kwa siku jinsi walivyokuwa wakitenda na walivyojisikia. Waliotenda kwa uchangamfu walikuwa na furaha zaidi wakati huohuo, lakini saa tatu hivi baadaye waliripoti uchovu zaidi. Ilikuwa hivyo kwa wenye asili ya uchangamfu na kwa wapole pia.

Kundi lilikuwa dogo, na lilikuwa la Wafini, kwa hiyo usilibebeshe mzigo mkubwa. Ila linaeleza jambo ambalo wachangamfu wengi hawaligundui: ukumbini unajisikia vizuri, unakubali mialiko mingine miwili papo hapo, na uchovu unakupata ukiwa nyumbani au kesho yake, wakati ahadi umeshatoa. Kwa mchangamfu kanuni moja inatosha: usikubali mwaliko ukiwa ndani ya mwaliko. Sema utaangalia ratiba, ujibu kesho mchana.

Nichague vipi shughuli chache za kubaki nazo?

Usichague kwa kukumbuka. Kumbukumbu hupenda shughuli zenye vyakula vizuri na wakubwa wengi. Chagua kwa vitabu vyako vya hesabu.

Chukua ankara za miezi kumi na miwili iliyopita, uandike kila mteja mpya. Mbele ya kila jina andika nani aliyemleta, na mbele yake tena andika huyo aliyemleta mlifahamiana wapi. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye habari. Mwanzoni wengi huandika "alikuja mwenyewe", lakini ukimuuliza mteja alipataje namba yako, karibu kila mara kuna mtu katikati.

Yule mama alikuwa na wateja wapya kumi na wanne. Watano waliletwa na wateja wake wa zamani, wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini, wanaoagiza bidhaa kupitia Mombasa. Watatu waliletwa na dalali wa malori aliyeko Malaba, mpakani na Kenya, ambaye huonana naye ana kwa ana labda mara moja kwa mwaka. Wawili walitoka Rotari. Wawili walitoka kwa wakala mwenzake aliyezidiwa na kazi, waliyefahamiana kwenye mikutano ya asubuhi ya chama chao. Mmoja aliletwa na binamu yake, na mmoja kweli aliona kibao akaingia.

Kulikuwa na shughuli moja aliyoihudhuria kuliko zote: jioni za Ijumaa za kundi la wafanyabiashara, kusimama na glasi mkononi kwenye hoteli. Haikuleta hata mmoja. Haimaanishi kwamba haina faida kwa wengine. Kwa muuza bima huenda ndiyo ya kwanza. Wakala wa forodha anauza imani kwamba shehena yako haitakwama bandarini ikaanza kulipiwa gharama za kuchelewa, na imani ya namna hiyo haiuziki kwa dakika tano wima.

Alipowachunguza wale wawili wa Rotari akaona jambo jingine. Wote walitoka kwa mwanachama mmoja aliyekuwa naye kwenye kamati ndogo ya mradi wa maji wa klabu. Mwanachama yule alimwona akisimamia risiti, akapenda utaratibu wake. Vikao vya kila wiki, ambavyo alikuwa akihudhuria kwa bidii, havikuwa na mchango wa moja kwa moja.

Basi akabaki na mambo matatu. La kwanza ni kuwatembelea wateja wa Kikuubo Jumamosi asubuhi mara mbili kwa mwezi, jambo ambalo kabla ya hapo hakulihesabu kuwa ni kujenga konekisheni kwa sababu halina kadi ya mwaliko. La pili ni mkutano wa asubuhi wa chama cha mawakala, mara moja kwa mwezi, ambako hupata pia habari za mabadiliko ya taratibu. La tatu ni kamati ya mradi wa Rotari, pamoja na kikao kimoja cha klabu kwa mwezi. Ijumaa za glasi aliziacha. Umoja wa waliosoma pamoja aliusimamisha kwa muda.

Kwa nini tatu? Si namba takatifu. Ila ukiwa na shughuli tatu, kwa kawaida unaweza kuwajibika katika kila moja: kushika kazi, kukumbuka majina, kutimiza ahadi. Ukifika ya tano unakuwa mgeni wa kudumu kila mahali.

Vipi shughuli zisizoleta wateja lakini nazipenda?

Zitoe kwenye hesabu hii kabisa. Nigiina ya yule mama, wanawake wanaopeana zawadi na kucheka mchana wa Jumapili moja kwa mwezi, haikuleta mteja hata mmoja na hakuna sababu ilete. Inamrudishia nguvu. Ukianza kupeleka kadi za biashara nigiinani utaigeuza kuwa kazi, na wenzako wataona.

Kipimo ni rahisi: ukitoka pale, unarudi ukiwa mzima kuliko ulivyokwenda au mchovu zaidi? Kinachokurudishia nguvu ni mapumziko hata kama kuna watu hamsini.

Mikutano ya harusi je? Hiyo huwezi kuikwepa Kampala.

Hapa ndipo wengi wanapomalizika, kwa hiyo tulizungumze kwa urefu.

Harusi moja inaweza kuwa na kamati inayokutana kila wiki kwa miezi miwili au zaidi, na kabla yake kuna kwanjula, sherehe ya utambulisho nyumbani kwa bibi harusi, yenye maandalizi yake. Kila kikao kina mwenyekiti, mweka hazina anayesoma bajeti, ahadi za michango, na mara nyingine mnada wa keki au wa jogoo ili kuchangamsha mifuko. Ukiwa na harusi tatu kwa wakati mmoja, jioni zako tatu za wiki zimekwisha. Na ni kweli kwamba watu hukutana na wateja humo, ndiyo sababu ni vigumu kukataa: inaonekana kama undugu na biashara kwa pamoja.

Gawa mialiko kwa ukaribu, na ufanye hivyo kabla ya kwenda kikao cha kwanza. Ndugu wa damu na rafiki wa karibu: ingia kamati, shika kazi moja, hudhuria. Mfanyakazi mwenzio, jirani, mtoto wa mteja: toa mchango wako mapema, wote kwa mara moja, kwa simu moja kwa moja kwa mweka hazina, kisha hudhuria kikao kimoja cha mwisho na harusi yenyewe. Mtu unayemjua kwa sura tu: mchango mdogo na pongezi.

Kutoa mapema ndilo jambo lenye uzito. Kamati nyingi zinasumbuliwa na ahadi zisizotimizwa. Anayekuja vikao vyote huku ahadi yake ikisogezwa wiki hadi wiki ni mzigo kuliko asiyekuja aliyekwisha kulipa katika wiki ya kwanza. Mweka hazina anakukumbuka vizuri kuliko mwenyekiti wa sherehe atakavyokukumbuka. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Shemeji, hongera sana kwa hatua hii. Mchango wangu nimeshautuma kwa mweka hazina leo. Kwa sababu ya kazi sitaweza vikao vya kila wiki, lakini cha mwisho nitakuja, na siku ya harusi nitakuwepo Mungu akipenda. Kama kuna kazi ya karatasi au ya simu naweza kuifanya, nipe."

Sentensi ya mwisho iandike tu ikiwa unamaanisha. Wataikubali.

Nipangeje nguvu zangu, maana wiki zangu hazifanani?

Anza na siku ambazo tayari zina mwenyewe, halafu ndipo uangalie mialiko. Kwa mwenye kampuni Uganda, marejesho ya VAT na ya PAYE yanatakiwa URA, mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo yule mama aliweka mstari mwekundu kuanzia tarehe 11 hadi 15: hakuna mkutano wa jioni, awe amealikwa na nani. Kwa wakala wa forodha mwaka nao una milima yake. Mizigo ya Krismasi hujaa kuanzia Oktoba, na leseni ya wakala huisha 31 Desemba, kwa hiyo maombi ya kuihuisha yanaangukia wakati huohuo. Kukubali cheo cha katibu wa klabu kinachofanya kazi zake nyingi Novemba ni kujitafutia balaa. Kwa wenye kufunga, mwezi wa Ramadhani jioni zina futari na tarawehe. Kama wewe ni Mwislamu, uhesabu mwezi huo kuwa wa mapumziko ya mikutano mapema, usisubiri ukushtue.

Baada ya hapo kuna kanuni mbili za wiki. Usitoke usiku mbili mfululizo. Na asubuhi inayofuata mkutano wa usiku, usifanye kazi ambayo kosa lake lina gharama. Kwa wakala wa forodha, hiyo ni kuingiza thamani ya bidhaa na namba za uainishaji kwenye tangazo. Kosa la namba moja linaweza kuzaa marekebisho, ushuru wa nyongeza na adhabu. Yule mama anazifanya hizo kuanzia saa nne, baada ya chai na barua pepe.

Saa ile ya kwanza ya asubuhi ina kazi yake: nusu saa ya kuwatafuta watu wa jana. Watatu, si zaidi. Andika mlichozungumza ukiwa bado unakikumbuka, tuma ulichoahidi, funga. Ikiwa hutakuwa na nusu saa hiyo kesho, mkutano wa leo hauna faida kubwa, na hiyo pekee ni sababu halali ya kutokwenda.

Acha pia jioni moja ya wiki ikiwa wazi kabisa. Meli hazifuati kalenda yako, na lori litakwama Malaba siku uliyodhani ni ya kupumzika. Bila jioni hiyo, kila dharura inakula usingizi.

Nikienda, nikae hadi lini?

Amua kabla ya kuingia. Njia inayowafaa wengi ni kufika wakati shughuli inaanza kweli, si wakati ulioandikwa kwenye kadi. Mpigie mwandaaji au aliyetangulia umuulize. Watafute watu wawili uliokusudia kuwaona, wasalimie wenyeji, uondoke mambo yakiwa bado mazuri. Kama wewe ni Mwislamu, sala ya isha ni nafasi nzuri ya kuaga, na hakuna atakayehoji.

Unaposafiri kwa boda usiku, hesabu pia usalama. Kuondoka saa tatu na kuondoka saa tano si safari moja.

Nikipumzika miezi mitatu, si watanisahau?

Hofu hii ndiyo inayowarudisha watu kwenye mikutano wasiyoitaka, na kwa bahati imechunguzwa.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa mji mmoja wa Massachusetts, Marekani, waliokuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, walikuwa wakimwona mtu huyo mara ngapi. Waliomwona angalau mara mbili kwa wiki walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Zaidi ya nusu walimwona zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini si mara mbili kwa wiki. Na zaidi ya robo walimwona mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu aliyoitoa ni kwamba watu unaowaona kila siku wanajua yaleyale unayoyajua. Habari mpya iko kwa wale wa mbali kidogo. Yule dalali wa Malaba ni mfano wake kamili: anakaa kwenye malori, anasikia nani amekasirishwa na wakala wake, na habari hiyo haifiki Nakawa kwa njia nyingine.

Mwaka 2011 Daniel Levin na wenzake walikwenda mbele zaidi. Waliwaomba mameneja kuwatafuta watu waliofahamiana nao zamani ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa angalau miaka mitatu, na kuwaomba ushauri juu ya kazi waliyokuwa nayo mkononi. Ushauri waliopata haukuwa duni kuliko wa watu wa karibu. Mara nyingi ulikuwa na mambo mapya zaidi, na imani ya zamani ilikuwa bado ipo.

Mpaka wake ni huu: uhusiano lazima uwe ulikuwepo. Mtu mliyefanya naye kazi miaka miwili, mkasaidiana shehena iliyokwama, atakukumbuka baada ya miaka mitatu. Mtu mliyepeana kadi Ijumaa moja atakusahau kufikia Jumatatu, upumzike usipumzike. Kwa hiyo miezi mitatu ya kimya inakupotezea wale ambao kwa kweli hukuwa nao.

Nimeelewa, lakini bado najilaumu nikiwaona wenzangu wameketi kwenye picha.

Mara nyingi lawama hiyo inatokana na kutoweka kimyakimya. Umeacha kwenda bila kusema, una kazi ya watu mikononi, kila ujumbe unaokuja unaonekana kama hati ya mashtaka. Hiyo ni lawama yenye sababu, na dawa yake ni kukabidhi: eleza tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, na nani ameshika kazi yako.

Vyama vingi vina mlango rasmi wa jambo hili na wanachama hawautumii. Katika klabu za Rotari, mwanachama anaweza kuiomba bodi ya klabu ruhusa ya kutohudhuria kwa muda, kwa maandishi na kwa sababu. Yule mama aliandika hivi:

"Mheshimiwa Rais wa klabu, naomba ruhusa ya kutohudhuria kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Januari kwa sababu ya msimu wa mizigo. Ada zangu nitaendelea kulipa. Vitabu vya mradi wa maji nimevikabidhi kwa makamu wa kamati pamoja na risiti zote hadi Septemba. Nitarudi kwenye kikao cha kwanza baada ya tarehe hiyo."

Hakueleza amechoka kiasi gani, na hakuomba radhi mara nne. Maelezo marefu hualika majadiliano, na mwisho wake utajikuta umekubali "kuja mara mojamoja". Picha nazo, zima sauti ya kundi hilo hadi Januari.

Misiba na wagonjwa pia nipumzike?

Hapana. Mazishi, kumwona mgonjwa, kutoa mabugo, yaani mchango wa msiba: hayo si mikutano ya kujuana na hayaingii kwenye hesabu za ukurasa huu. Unapunguza Ijumaa za glasi ili siku ya msiba uwe na nguvu na nauli. Ikiwa kweli huwezi kusafiri kwenda kijijini, piga simu mwenyewe na utume rambirambi siku ileile. Ujumbe kwenye kundi la watu mia hautoshi.

Makundi ya WhatsApp yananimaliza kuliko mikutano. Nifanyeje?

Kuzima sauti kuna muda wa saa 8, wiki 1 au daima. Chagua daima kwa makundi yote isipokuwa la familia na la ofisi, halafu yaweke kwenye hifadhi na uwashe mpangilio unaoyazuia kurudi juu kila ujumbe unapoingia. Yafungue mara mbili kwa wiki kwa saa uliyoipanga. Jambo la haraka kwako binafsi, watu hupiga simu.

Kutoka kabisa nako si kashfa tena. Tangu 2022, ukitoka kundini wanaoarifiwa ni wasimamizi tu, ingawa jina lako linabaki kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Mwandikie msimamizi mstari mmoja wa shukrani kabla hujatoka. Makundi ya kamati za harusi zilizokwisha mwaka juzi hayahitaji hata hilo.

Nimeajiriwa, na bosi ndiye anayenituma kila jioni.

Hapo huna uhuru wa kuchagua, lakini unao uwezo wa kuonyesha hesabu. Mpe jedwali la safu tatu kama lile la juu kwa robo mwaka: tulikwenda wapi, tulikutana na nani, kimetoka nini. Usiseme umechoka, sema shughuli hizi mbili zinaleta, hizi tatu hazileti, naomba tuweke nguvu kwenye mbili, na asubuhi inayofuata niingie saa tatu. Mabosi wengi hutuma watu kwa sababu mwaliko umekuja na kiti kisibaki wazi. Akipewa jina la mtu mwingine wa kupokezana nawe, mara nyingi anakubali.

Nimemaliza chuo, natafuta kazi. Mimi naweza kupumzika kweli?

Bado huna ankara za kuchunguza, kwa hiyo miezi ya kwanza itabidi ujaribu vitu vingi kidogo. Lakini nauli yako ni ndogo kuliko ya wote, na hiyo ndiyo ikuongoze. Chagua shughuli moja ambamo unafanya kazi mbele ya watu, hata ya kujitolea kuandikisha wageni kwenye mkutano wa chama cha taaluma yako, badala ya tano ambamo unakaa nyuma. Wiki ambayo huna nauli, watafute wawili waliokutangulia chuoni kwa simu.

Nimepunguza kila kitu, wiki tatu sasa, na bado nimechoka.

Basi huenda si mikutano. Uchovu usioondoka, usingizi uliovurugika, kukosa hamu hata ya nigiina, kupungua uzito: nenda ukapimwe. Malaria, upungufu wa damu, sukari, tezi na sonona vyote vinaweza kuanza kwa kuchoka, na hakuna kalenda inayotibu hata kimoja. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri, nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo.

Muda wa mapumziko umekwisha. Nirudi vipi bila aibu?

Usirudi kwa kutangaza kundini kwamba umerudi. Rudi kwa mtu mmojammoja, na rudi na swali. Utafiti wa 2011 nilioutaja hapo juu ulihusu kuomba ushauri wa kazi halisi, na hilo lina mantiki yake: salamu tupu baada ya mwaka humfanya mtu asubiri utamwomba nini, lakini swali mahususi linamwonyesha kwamba unamkumbuka kwa ujuzi wake.

Yule mama alimwandikia mfanyabiashara mmoja wa zamani, mzee wa Kikuubo ambaye hawakuwa wamezungumza tangu alipoacha kuagiza vigae:

"Asalaam alaikum mzee wangu. Ni mimi wa forodha, tuliyehangaika pamoja na yale makontena mawili ya vigae. Nina mteja anayeagiza mabati kwa mara ya kwanza na anasitasita kati ya Mombasa na Dar. Wewe ulipitisha mizigo njia zote mbili. Ulipohama ya Dar kilikukimbiza nini, gharama au siku? Nikipita Kikuubo Jumamosi nitakuamkia."

Mzee alijibu kwa sauti, dakika nne, kisha akauliza kama bado anashughulika na mizigo midogo, maana mwanawe ameanza kuagiza vipuri. Ikiwa hajibu, usimtumie tena wiki hiyo. Pita dukani Jumamosi kama ulivyosema.

Shughuli za vikundi zirudishe moja kwa mwezi, ukianza na ile ambayo kazi yake uliikabidhi, kwa sababu pale kuna mtu anayekusubiri akurudishie vitabu. Yule mama alirudi Rotari Januari, chama cha mawakala Februari. Umoja wa waliosoma pamoja hakuurudia. Aliandika barua ya kujitoa kwenye kamati, akabaki mwanachama anayelipa ada ya mwaka na kuja kwenye mkutano mkuu.